"Kumbe Hata Wewe Unaweza!"

Leo sitaki twende mbali. Tuketi hapa hapa chini ya posti yako, ile uliyoweka picha nzuri, watu wakaandika hongera, na katikati ya hongera hizo ikaja moja iliyokufanya uache chai ipoe.

Unaijua. Inaanza vizuri na inaisha vizuri, lakini ndani yake kuna kitu kama mwiba wa samaki kwenye wali. Huwezi kusema umetukanwa, maana ukimwonyesha jirani atakuambia, "Si amekupongeza?" Na huwezi kusema umepongezwa, maana moyo umeshtuka. Basi umekaa na simu mkononi, umeandika jibu, umelifuta, umeandika lingine kali kuliko la kwanza.

Dada mmoja wa ushirika wetu alinitumia ya kwake saa nne usiku. Ameniruhusu nieleze, majina nayaacha. Ni fundi wa nguo. Kwa miaka kazi yake imekuwa ile ya kurekebisha: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kushona sare za shule zilizochanika. Halafu kwaya ikampa kazi ya majoho 24. Alikesha nayo. Kola alizifumua mara mbili, kwa sababu kile kitambaa kilikuwa kinateleza chini ya sindano na shingo zinatoka upande. Jumapili kwaya ikasimama imependeza. Akapiga picha, jioni akaiweka Facebook, akaandika mistari miwili: anamshukuru Mungu, na anapokea oda.

Mioyo ikamiminika. Kisha mama mmoja wa kanisa, mtu mzima anayeheshimika, wa chama kimoja na mama yake mzazi, akaandika: "Hongera binti yangu. Kumbe hata wewe unaweza kushona kitu cha maana!"

Dada akanitumia picha ya skrini, na chini yake majibu matatu aliyokuwa ameyaandika pembeni. Akauliza, "Pasta, nitume lipi?"

La kwanza: "Kwani mama hujawahi kuona kazi zangu? Nimeshona miaka tisa sasa, na waliovaa wanajua."

La pili: "Asante."

La tatu: "Amina mama, barikiwa sana," na mikono miwili ya maombi.

Nikamwambia asitume hata moja. Kwanza alale. Na asianze ule mchezo wa kutuma kisha kurekebisha, maana Facebook ukirekebisha maoni yako pale chini panaandikwa "Edited", na mtu akibonyeza hapo anaona ulichoandika mwanzo. Kuifuta hongera ya mama nayo haifai. Atarudi kuangalia kama amejibiwa, akute pameachwa wazi, na hapo kidonda kinakuwa viwili.

Lakini nilitaka pia tuitazame ile sentensi vizuri kabla ya kuijibu, kwa sababu wengi wetu tunajibu kitu ambacho hakikuandikwa.

Mwiba wa sentensi ile uko kwenye maneno mawili madogo. "Kumbe" ni neno la mtu aliyegundua kitu tofauti na alichodhani. Peke yake si baya. Mtoto akiona treni mara ya kwanza husema kumbe. "Hata" ndilo zito. Kwa Kiswahili cha kawaida "hata wewe" linakuweka mwisho wa foleni: wengine tulijua wataweza, lakini wewe! Yaunganishe, "kumbe hata wewe", na mtu anasikia kwamba alikuwa amehesabiwa sifuri hadi jana.

Ndugu zake wako wengi. "Leo umependeza," ambapo "leo" imewekwa mbele kama kidole. Ukisema "Umependeza leo" ni salamu tu, lakini "Leo umependeza" linamfanya mtu akumbuke nguo ya juzi. "Angalau sasa unaonekana mtu." "Kwa mtu wa umri wako, umejitahidi." Utaona hakuna tusi hata moja humo. Sifa iko, ila imefungwa kwa kamba ya jana.

Sasa sikiliza, na hapa ndipo nataka uende polepole. Sisi huku bara, wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni na sokoni, baada ya lugha ya nyumbani. Na kwa Kiswahili chetu cha kila siku "hata" mara nyingi ni "pia" tu. Mtu anasema "Hata mimi nimefika," maana yake nami nimefika, wala hajidharau. Mama anasema "Hata wewe kula," anakukaribisha. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akaandika "hata wewe unaweza" akimaanisha nawe unaweza, kama wale mafundi wakubwa wa mjini. Mdomoni ungesikia sauti yake na kuona meno yake. Kwenye simu sauti inakosekana, na pengo hilo unalijaza wewe, kwa sauti ya yule aliyekuumiza zamani.

Nilifundishwa jambo hili na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliweka kipande cha mahubiri hapa. Ndugu mmoja akaandika, "Leo pasta umehubiri vizuri, sikulala hata kidogo." Nilisoma mara moja tu, nikakasirika. Sikulala! Yaani siku zingine analala? Na kwa kuwa mimi ni mtumishi, sikuweza kumjibu kama nilivyotaka, basi nikaandika, "Amina. Barikiwa." Nikajiona nimeshinda.

Ilipita miezi. Siku moja nikamkuta mlangoni baada ya ibada, akanisalimu kwa mbali. Nikamuuliza kulikoni. Akasema bila hasira, "Pasta, mimi ni askari wa usiku. Natoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, napita nyumbani kuoga, nakuja kanisani. Huwa nasinzia, na huwa naona aibu. Siku ile sikusinzia, nikataka ujue. Ukanifungia mlango."

Mpendwa, nilikosa pa kutazama. Mtu alikuwa amenipa sifa kubwa kuliko zote nilizopata mwaka ule, nami nikampa "Amina" yenye kufuli.

Ndiyo maana majibu ya dada yetu ya pili na ya tatu nililiogopa zaidi la tatu. Jibu la kujitetea kila mtu analijua. Lina "kwani", lina "ungejua", lina orodha ya miaka na mashahidi, na urefu wake peke yake unasema kwamba umeumia. Hongera ya mstari mmoja ikajibiwa kwa mistari minane, anayepita anaelewa bila kusoma. Tena linakubali shtaka. Ukisema "nimeshona miaka tisa" tayari umesimama kizimbani, na watu waliokuja kuona majoho sasa wanatazama kesi.

Jibu baridi ni gumu kulitambua kwa sababu linavaa vizuri. "Asante" ni neno jema, lakini tazama ulichowaandikia wengine. Aliyesema "Wow, smati!" umemjibu kwa maneno kumi na kicheko, aliyefuata umemwita kwa jina, halafu mama huyu "Asante" na nukta. Kila anayesoma kutoka juu kwenda chini anahisi baridi ikipita pale. Ukitaka kujua kama jibu lako ni baridi, usilipime peke yake. Lipime na majirani zake.

Na sisi watu wa wokovu tuna baridi yetu ya kipekee, ya kuandika baraka. "Barikiwa." "Mungu akuone." "Nakuombea." Ni maneno matakatifu, nayo tumeyageuza mawe. Mtu akiandikiwa "Nakuombea" chini ya hongera aliyotoa, anaelewa vizuri sana kwamba ameambiwa ana pepo. Sisemi usiombee watu. Waombee, lakini usiwatangazie pale.

Basi nini? Nilimwambia dada aigawanye ile sentensi kwa mkono. Hapa kuna sifa: "unaweza kushona kitu cha maana." Hapa kuna mwiba: "kumbe hata wewe." Hadharani jibu sifa. Mwiba usiuguse pale, si kwa kuupuuza, bali kwa sababu mahali pake si pale. Kama ni mtupu utaanguka wenyewe, na kama una jambo ndani yake tutalifuata faraghani.

Namna hii si yangu. Injili ya Yohana, sura ya kwanza, Filipo anamwendea Nathanaeli akiwa amejaa furaha, anamwambia wamempata yule aliyeandikwa na Musa na manabii, Yesu wa Nazareti. Na Nathanaeli, badala ya kufurahi naye, anauliza kama kweli kitu chema kinaweza kutoka Nazareti. Mwishoni mwa kitabu hicho hicho tunaambiwa Nathanaeli alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, yaani jirani. Dharau za namna hii hutoka kwa majirani. Mtu wa mbali hajui kijiji chako cha kutosha kukidharau.

Tazama Filipo hakufanya nini. Hakuanza kuisifia Nazareti. Hakumuuliza Kana imetoa nani. Wala hakumgeuzia mgongo. Alimwambia tu aje ajionee. Ni mwaliko mfupi sana, nao umemwacha Nathanaeli na heshima yake yote na mlango wazi. Na alipokuja, Yesu naye, aliyesemwa kijiji chake, alianza kwa kutaja jema alilolijua ndani ya mtu huyo, kwamba hana hila. Naona hapo Bwana hakumpaka mafuta. Mtu anayesema waziwazi anachofikiri kuhusu Nazareti kweli hana hila! Aliuchukua ule ukavu wa Nathanaeli, akauona upande wake mzuri, akausema.

Nikamuuliza dada, "Huyu mama ana jema gani unalolijua, la kweli, linalohusu kazi hii?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Aliuza vitambaa sokoni miaka mingi. Anajua kitambaa kwa kukishika tu." Vizuri. Hapo tukapata pia kwa nini neno lake lilichoma. Hongera ya asiyejua nguo isingemnyima mtu usingizi.

Asubuhi, baada ya chai, akaandika hivi:

"Asante sana mama. Kola ndizo zilinitesa, nilizifumua mara mbili! Jumapili njoo uyashike majoho kwa mkono uniambie unaonaje, wewe vitambaa unavijua kuliko sisi wote."

Hebu tulitazame kidogo. Linaanza kwa "mama", kama alivyoitwa "binti". Usibadilishe cheo cha mtu kwa sababu umeudhika. Aliyekuwa mama jana akiitwa "madam" leo, ni ugomvi. Kisha linataja jambo moja la kweli kuhusu kazi, kola kufumuliwa mara mbili. Hilo linafanya kazi ambayo ile miaka tisa isingeifanya. Mteja anayepita anasoma kwamba fundi huyu harushi kola mbovu, tena amelisoma kama kicheko cha mtu anayejicheka, hakuona utetezi. Kisha kuna mwaliko wa Filipo. Mwisho kuna heshima ya kweli. Kama yule mama hakuwahi kuuza vitambaa, sehemu hiyo ingekuwa uongo, na sifa ya uongo kwa mtu aliyekuchoma ni kijembe kingine. Ukikosa jema la kweli la kusema, liache. Mwaliko unatosha.

Na neno "lakini" halimo. Lichunge sana hilo. "Asante mama, lakini..." na yote ya mbele yamekufa.

Kuna atakayesema, "Pasta, huo ni unafiki. Ameumia, aseme ameumia." Nimelifikiria. Unafiki ni kusema usichoamini. Dada huyu alishukuru sifa iliyokuwepo, akasema kola zilimtesa na kweli zilimtesa, akataja ujuzi ambao mama anao. Kila neno lilikuwa kweli. Ambalo hakulisema pale ni kwamba ameumia, na kutolisema jambo mbele ya watu 300 si kulificha. Hapo ndipo tunafika kwenye nusu nyingine ya kazi, ambayo wengi hatuifanyi.

Nilimuuliza, "Kuna kitu kati yenu?" Akasema hapana. Nikangoja. Mchungaji hujifunza kungoja kwenye simu. Halafu akasema, "Kuna ile gauni."

Miaka miwili nyuma alimshonea mama huyo gauni la arusi ya binti yake. Siku yenyewe, kabla ya picha, zipu ya mgongoni ikapasuka. Mama wa bibi arusi akashinda amejifunga leso mabegani, na kwenye picha zote za arusi leso hiyo iko. Dada aliitengeneza zipu bila malipo wiki iliyofuata. "Na ulisema nini?" nikauliza. "Nilisema zipu za siku hizi ni mbovu."

Basi "kumbe hata wewe" ilikuwa na umri wa miaka miwili. Mama hakuwa na hila. Alikuwa ameona majoho 24 yamesimama vizuri, akafurahi, na papo hapo akaikumbuka leso yake. Vyote viwili vikatoka kwa sentensi moja. Nimekutana na jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa huwa nauliza kabla ya kushauri: mwenye sifa yenye mwiba, je, unamdai au anakudai? Mara nyingi kuna deni. Pengine hukumtembelea msibani, au harambee yake uliahidi ukasahau. Anakupongeza kwa dhati, na deni linachungulia.

Kwa deni, jibu la Facebook hata liwe zuri vipi halitoshi. Bwana alisema ndugu akiwa na neno na ndugu mwenzake wakutane wao wawili kwanza. Siku hizi hiyo ni kupiga simu, au kwenda. Si kuandika "njoo inbox", maana hilo nalo linasomwa na kila mtu, na kila mtu anajua kuna moshi. Dada alipiga simu Jumatatu. Hakugusia maoni yale kabisa, na mimi ndiye niliyemwomba asiyaguse. Ukianza na "mama, ile komenti yako", umempigia kumshtaki. Alisema, "Mama, nimekuwa nikikumbuka ile zipu. Nilikuambia ni mbovu, lakini mimi ndiye niliyeiweka fupi kwa gauni lile. Niliona haya kukuambia." Mama alikaa kimya, halafu akasema, "Nilidhani umesahau." Walizungumza dakika arubaini, na kwa anayemjua mama yule, thelathini na tano zilikuwa zake.

Sasa nisikudanganye kwamba namna hii inafaa kila mahali. Iko mwiba ambao haukuchomi wewe, unamchoma mwingine kupitia kwako. Umeweka picha ya mtoto, mtu anaandika, "Amekuwa mzuri, bahati nzuri hakumfuata baba." Hapo huna ruhusa ya kujibu sifa na kuacha mwiba, kwa sababu mume wako anasoma, na siku moja mtoto atasoma. Sahihisha, lakini kwa upole: "Asante! Hicho kicheko chake ni cha baba yake kabisa, ndicho ninachokipenda." Umemrudisha baba kwenye picha, na aliyeandika hana pa kushika. Ikiwa mwiba ni wa kabila la mtu au ulemavu wake, usifanye mzaha kabisa. Sema neno moja tulivu kwamba hilo hulikubali kwenye ukurasa wako, na ulifute bila hotuba.

Na mambo ya mwili. "Umenenepa, ndoa imekukubali!" Shangazi wa kijijini anayeandika hivyo anakubariki, kwake unene ni afya na kushiba. Yeye hajui umetoka hospitali mwezi jana, hajui dawa unazomeza. Huna deni la maelezo. "Asante shangazi, nimefurahi umenikumbuka. Nyumbani hawajambo?" Unajibu shangazi, mwili unauacha. Wengi wanaharibu hapa kwa kueleza, na maelezo ya hospitali yakishaingia pale chini, watu hamsini watauliza hospitali gani.

Kuna pia yule ambaye ni kazi yake. Posti ya kwanza mwiba, ya pili mwiba, ya tatu mwiba, na ukimwalika haji, ukimpigia hashiki. Huyo mjibu kwa wema mara ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo unaweza kunyamaza bila kuwa baridi, mradi ukikutana naye njiani umsalimie kama kawaida. Kunyamaza kwenye simu na kununa barabarani ndiyo baridi yenyewe.

Ndugu zangu wa Pwani mtanicheka, najua. Kwenu vijembe vina heshima yake, vinachapwa hadi kwenye leso, na mwanamke anayejua hajibu kwa mdomo, anavaa lake. Nasikia, na utamu wake nauona. Lakini leso inasomwa na mtaa mmoja, jioni moja. Hii yetu inasomwa na mwajiri wako, na wakwe zako, na mteja ambaye hajakuona bado, mwaka huu na mwaka ujao.

Nirudi kwa majoho. Watu wameniuliza kama mama alimpa dada kazi nyingine. Bado. Anafikiria, na ana haki ya kufikiria, leso ile si mchezo. Lakini chini ya lile jibu alirudi siku hiyo hiyo akaandika, "Nitakuja na miwani," na watu wakacheka, mimi mmoja wao.

Na Jumapili alikuja nayo kweli. Ibada ilipoisha akaenda moja kwa moja kwa waimbaji wa sauti ya pili, akamshika mmoja joho, akaigeuza kola nje ndani, akaipitisha kidole. Dada amesimama kando, hapumui. Mama akashuka hadi kwenye pindo, akaligeuza nalo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeuza vitambaa sokoni miaka mingi, "Hapa umeacha uzi."

Dada akatoa mkasi kwenye kipochi, akapiga goti pale pale, akaukata.